Kabla Hujaweka Kopo Kikapuni, Soma Lebo Hivi

Kusoma lebo kunaanza nyumbani, kabla hujabeba hata mfuko. Ukifika mbele ya rafu bila kujua mpango wako wa kula unadai nini, kila kopo lililoandikwa "protini" kwa herufi kubwa litaonekana linakufaa. Kwa hiyo chukua simu, fungua kikokotoo, uandike namba mbili: kalori unazolenga kwa siku na gramu za protini unazozihitaji.

Tuseme una kilo 70, unanyanyua vyuma, na mpango wako ni kalori 2,000 kwa siku. Wanaofanya mazoezi mara nyingi hupangiwa protini kati ya gramu 1.2 na 2 kwa kila kilo ya uzito wa mwili (mwenye ugonjwa wa figo asikilize daktari wake kwanza). Tuchukue gramu 110. Sasa gawanya 110 kwa 20, kwa kuwa kalori 2,000 ni mafungu 20 ya kalori mia mia. Unapata 5.5. Namba hiyo ndiyo rula yako dukani: chakula chenye protini zaidi ya gramu 5.5 katika kila kalori 100 kinainua mpango wako, na chenye pungufu kinaushusha. Kinachoushusha si kibaya. Ila ujue kwamba kingine lazima kije kifidie.

Ukishafika dukani, geuza kopo. Upande wa mbele ni wa tangazo. Hesabu iko nyuma, kwenye jedwali la virutubisho. Mara nyingi jedwali huwa na safu mbili, moja ya gramu 100 na nyingine ya kipimo kimoja cha kula. Wengi hukosea hapa, kwa sababu kipimo huamuliwa na mtengenezaji au kanuni za nchi, hakifuati njaa yako. Pakiti unayoimaliza kwa mkao mmoja inaweza kuhesabiwa vipimo viwili na nusu, na kalori unazozisoma ni za kimoja tu. Angalia pia nishati imeandikwa kwa kipimo gani. Ukiona kJ peke yake, gawanya kwa 4.2 upate kcal, ambazo ndizo tunaziita kalori katika mazungumzo ya kawaida.

Hebu tuweke makopo mawili ya mtindi kiganjani. La kwanza limeandikwa mbele "Protini gramu 15", lina ladha ya matunda na uzito wa gramu 200. Nyuma, kwa kopo zima: kalori 190, protini gramu 15, sukari gramu 24. La pili ni mtindi mzito uliochujwa, mtupu, usio na tangazo lolote. Lebo yake inatoa safu ya gramu 100 pekee: kalori 58, protini gramu 10, sukari gramu 3.5. Kopo hilo lina gramu 150, kwa hiyo zidisha kila namba kwa moja na nusu. Utapata kalori 87, protini gramu 15, na sukari gramu 5 na kidogo.

Protini ni ileile, 15 kwa 15, lakini kopo la kwanza limekugharimu kalori zaidi ya mara mbili. Kwa rula yetu, la kwanza linatoa karibu gramu 8 kwa kila kalori 100, na la pili gramu 17. Yote mawili yamevuka 5.5, kwa hiyo hata lile la matunda halijadanganya. Tangazo lilikuwa kweli. Lilinyamaza tu kuhusu mengine.

Kwenye sukari ndipo panapohitaji subira. Mstari wa sukari katika jedwali hujumlisha sukari ya asili na ile iliyomiminwa kiwandani, isipokuwa pale ambapo sheria ya nchi inadai ya kuongezwa iandikwe mstari wake. Maziwa yana sukari yake, laktosi, na mtindi usiotiwa kitu hubaki na takriban gramu 4 katika gramu 100. Kopo letu la matunda lina 12 katika gramu 100. Ondoa 4, zinabaki 8, na kwa kopo zima ni 16: vijiko vinne vya chai ambavyo ng'ombe hakuvitoa. Nyingine zinaweza kuwa za vipande vya matunda, basi shuka kwenye orodha ya viungo, ambayo hupangwa kuanzia kile chenye uzito mkubwa zaidi. Ukikuta sukari ya pili baada ya maziwa, huna haja ya kubishana. Soma orodha yote lakini, maana sukari hupenda kugawanywa majina: glukosi, dekstrosi, sharubati ya mahindi, asali, juisi iliyokolezwa. Kila jina likikaa mkiani linaonekana dogo, kumbe yakijumlishwa yangepanda juu. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari za aina hii zisivuke asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani gramu 50 kwa mtu wa kalori 2,000. Gramu 16 za kopo moja ni karibu theluthi.

Safu ya gramu 100 inafaa kulinganisha mtindi na mtindi. Ukilinganisha vitu vya aina tofauti, inapotosha. Siagi ya karanga ina protini kama gramu 25 katika gramu 100, na kwa macho inaushinda mtindi wetu mtupu kwa mbali. Lakini gramu hizo 100 zina kalori kama 600, kwa sababu mafuta hubeba kalori 9 kwa gramu wakati protini na wanga hubeba 4. Gawanya 25 kwa 6: gramu 4 na ushei kwa kila kalori 100, chini ya rula yako. Mimi naila na naipenda, ila naihesabu upande wa mafuta. Dengu nazo zina mtego wa maji. Zikiwa kavu lebo husema karibu gramu 25 za protini, zikiwa zimepikwa ni kama 9. Hakuna kilichopotea sufuriani, zimekunywa maji tu. Kabla ya kulinganisha pakiti kavu na kopo la zilizopikwa, rudi kwenye kalori 100, maana maji hayana kalori na hesabu haitayumba.

Sifuri nayo isikupumbaze. Nchini Marekani, kwa mfano, kipimo chenye kalori chini ya 5 huruhusiwa kuandikwa 0. Ndiyo maana mafuta ya kupulizia kikaangoni yanaweza kuonekana hayana kitu, wakati kopo zima ni mafuta. Kipimo chake ni mpulizo wa sehemu ya sekunde, na sijawahi kumwona mpishi mwenye kidole chepesi hivyo.

Bidhaa unazonunua kila wiki ziandike kwenye simu: uzito wa pakiti, kalori, protini, sukari. Kisha zikague tena kila baada ya miezi michache. Kuna kipande cha protini nilichokinunua kwa muda mrefu nikikihesabu gramu 20. Siku moja nikageuza ganda kwa bahati tu, nikakuta kimepungua kutoka gramu 60 hadi 50, na protini imekuwa 16. Rangi ya ganda ilikuwa ileile.