Mteja anasema "kama unavyoona kwenye picha" na wewe huoni picha yoyote: fanya hivi

Nafanya saporti kwa barua pepe, na hii nakutana nayo kila mara. Mtu anaandika "angalia hiyo namba niliyozungushia nyekundu, mbona haifanani na ya risiti?" halafu chini hakuna kitu. Zamani nilikuwa najibu kwa kukisia, siku moja nikamweleza mteja mambo ya kodi kumbe yeye alizungushia tarehe, ikabidi nianze upya na kuomba radhi juu.

Hatua ya 1: anza na upande wako kabla hujamwambia mtu hajatuma. Kwenye Gmail fungua vile vidoti vitatu vya meseji, bonyeza Show original, halafu tafuta neno `filename=`. Ukilikuta na jina la picha, ujue faili imefika ila mfumo wenu wa tiketi ndio umeificha au kuikata, hapo kosa ni lenu. Usipolikuta, tafuta `src=`. Mimi kwenye barua ya dada mmoja nilikuta hivi:

```
<img src="file:///C:/Users/.../picha1.png">
```

Maana yake picha imebaki kwenye kompyuta yake, barua imebeba anwani tu ya mahali ilipo. Na ndio maana mteja atakuapia kwamba ametuma, kwa sababu kwake anaiona kabisa, hadanganyi. Ila mara nyingine hutakuta chochote, huenda alisahau tu.

Hatua ya 2: jibu haraka, sema kilichofika na ambacho hakijafika. Usiandike "hujaambatanisha", inasikika kama lawama, na pengine kosa si lake. Mimi niliandika hivi:

"Habari dada, maelezo yako nimeyapata, lakini picha haijafika huku, naona maandishi tu. Naomba uitume tena kwa kubonyeza alama ya kibanio cha karatasi, usiipesti ndani ya barua. Ikikusumbua, niandikie tu hiyo namba uliyozungushia na ile ya kwenye risiti."

Hiyo sentensi ya mwisho ndio inaokoa muda, maana mara nyingi kinachotakiwa ni namba mbili tu na picha yenyewe wala huihitaji. Ila kama ni ujumbe wa era ng'ang'ania picha, watu wakiunakili kwa mkono wanaruka maneno.

Kama faili ni kubwa, Gmail mwisho ni MB 25, na faili ikiwa ndani ya barua inavimba kama theluthi hivi, kwa hiyo hata ya MB 20 inaweza kugoma. Mwambie atume linki na aifungulie ruhusa, la sivyo utapata linki usiyoweza kuifungua na mtarudi palepale.

Hatua ya 3: ikifika, taja unachokiona kabla ya kujibu: "nimeipata, naona umezungushia tarehe ya 14, ndio hiyo?" Dada yule alijibu "hapana, hiyo ni ya mwezi uliopita, nimekosea picha".