Alama mbili daftarini kabla ya kuandika makala ya kiongozi

Siku hiyohiyo ya mahojiano, pitia daftari ukisikiliza rekodi. Kila sentensi uliyoinukuu neno kwa neno izungushie alama za kunukuu na uandike dakika yake pembeni, mfano 14:20. Uliyofupisha wewe iwekee M, yaani maelezo. Ukianza kuandika makala ya jarida, zenye dakika tu ndizo ziwe nukuu. Za M ziende kwenye "anasema kwamba".

Inasaidia kwa sababu daftari hula maneno. Mwenyekiti wa kamati ya maji anasema, "Tulichimba mtaro wa kama mita mia nne hivi, kwa majembe." Daftarini inabaki "mita 400, majembe", na wiki ijayo unamnukuu akitaja mita 400 kamili. Lile "kama… hivi" ndilo linalomlinda yeye, na wewe pia. Likirefusha sentensi, kata kwingine.

Mbinu hii inagoma pale uliyemhoji alipozungumza Kisukuma nawe ukaandika Kiswahili: hiyo ni tafsiri yako, hata kama ina dakika. Itaje kuwa tafsiri, au msomee kwa simu akubali. Mhariri naye akiinyoosha nukuu, iondolee alama.