Influensa kwa mgahawa mpya Mwanza: kumchagua, kuandikiana mkataba na kuhesabu alicholeta

Mwongozo huu unafuata kazi niliyoifanya kwa mgahawa mpya wa sato upande wa Kirumba, ambao mwenyewe alikuwa ametenga shilingi 500,000 kwa ajili ya influensa, na moyoni alikuwa amekwishamchagua mmoja kwa sababu ya wingi wa wafuasi wake.

Hatua ya 1: Jua wafuasi wanaishi wapi

Mtu aliyeko Dar es Salaam anaweza kuipenda video ya sato wa kuchoma, lakini kesho mchana hatakuja kula. Kwa hiyo kabla ya kuzungumzia bei, kaa na influensa, afungue simu yake mbele yako na kukuonyesha sehemu ya Insights katika Instagram, ambako wafuasi wameorodheshwa kwa miji. Picha ya skrini aliyokutumia isikutoshe, maana inaweza kuwa ya mwaka jana.

Yule wa kwanza alikuwa na wafuasi 82,000, lakini wa Mwanza walikuwa asilimia 11 tu, yaani kama 9,000. Binti mmoja anayeposti vyakula vya Igoma na Buzuruga alikuwa na wafuasi 14,000, na asilimia 58 kati yao, yaani kama 8,100, walikuwa wa hapa hapa. Kwa mgahawa wawili hawa wanakaribia kulingana, ilhali mmoja alitaka shilingi 350,000 na mwingine 120,000. Soma pia maoni chini ya video zao: anayeuliza "iko wapi, na sahani bei gani?" ana njaa, lakini anayeweka alama za moto anapita tu.

Mwenye mgahawa hakutaka kumwacha yule mkubwa, basi tukawachukua wote wawili. Ninakiri kwamba nami nilitaka kuona tofauti.

Hatua ya 2: Mkataba wa ukurasa mmoja

Andika idadi ya video na stori, tarehe na saa ya kuposti, na muda ambao video haitafutwa. Sisi tuliweka siku 90. Andika kwamba mgahawa unaruhusiwa kuitumia video hiyo kwenye kurasa zake, na kwamba chapisho litaonyesha wazi kuwa ni tangazo la kulipiwa. Haki ya kuikagua video kabla haijatoka iishie kwenye bei, mahali na saa za kufungua. Ukianza kumpangia maneno ya kusifu, wafuasi wake watagundua mara moja.

Lipa nusu siku ya kurekodi na nusu baada ya video kutoka. Jambo linalozua ugomvi zaidi ni kodi ya zuio ya asilimia 5, ambayo mgahawa huikata na kuiwasilisha TRA. Katika shilingi 120,000, kodi ni 6,000 na mkononi zinafika 114,000. Asiyeambiwa mapema huona amepunjwa.

Hatua ya 3: Panga tarehe pamoja na jiko

Hapa nilikosea mwenyewe katika kazi ya awali. Video ilitoka Jumamosi asubuhi, ziwa lilikuwa limechafuka tangu usiku, samaki wakaja wachache, na kufikia saa nane mchana sato walikuwa wameisha huku watu wakizidi kuingia. Tangu hapo naandika katika mkataba kwamba mgahawa unaweza kusogeza tarehe kwa siku tatu bila gharama.

Hatua ya 4: Kila influensa na neno lake

Mmoja alitangaza neno "Saanane", kama kisiwa chetu, na mwingine "Bismarki". Mteja aliyelitaja alipewa glasi ya juisi ya ukwaju bure, na mhudumu aliliandika kwenye karatasi ya oda. Mhudumu naye aulize, kwa sababu wengi husahau au huona haya.

Hatua ya 5: Hesabu kwa faida, si kwa mauzo

Sahani iliuzwa shilingi 18,000. Samaki, mafuta, mkaa, ndizi na ile juisi vilichukua 11,000, ikabaki 7,000. Kabla hata ya kusaini, gawanya ada kwa 7,000: yule mkubwa alihitaji kuleta sahani 50 ili kurudisha fedha yake, na binti sahani 18.

Baada ya siku 14, karatasi za oda zilionyesha sahani 22 za mkubwa, yaani shilingi 154,000, hasara ya 196,000. Za binti zilikuwa 41, yaani 287,000, na baada ya kutoa ada zikabaki 167,000. Hesabu hii huwaacha nje waliokuja bila kutaja neno, hivyo linganisha pia mauzo yote na ya wiki mbili zilizotangulia, siku kwa siku, ukikwepa mwisho wa mwezi, kwa kuwa mishahara ikitoka meza hujaa zenyewe.

Mwezi uliofuata tulimpa binti kazi ya pili kwa ada ileile, safari hii kwa ajili ya Jumatano, siku ambayo meza zilikuwa tupu.