ESI au MALDI? Tunapima kichupa kimoja chenye peptidi na kafeini, hatua kwa hatua

Kichupa changu cha leo kina vitu viwili tu, angiotensini II ambayo ni peptidi ya asidi amino 8, na kafeini hii hii ya kwenye chai. Nimevichanganya makusudi kwa sababu ukivipitisha kwenye mashine zote mbili unaona kwa macho yako tofauti ilipo, kimoja kinatoka vizuri kote kote, kingine kwenye leza kinamezwa, hukioni.

Kwanza tuelewane kitu kimoja. Spektrometa ya masi haipimi kitu kisicho na chaji, kwa hiyo kazi yote ya hizi njia mbili ni kukitoa kitu kwenye maji au kwenye bamba, kukirusha hewani kikiwa na chaji, na kisivunjike njiani. Elektrosprei (ESI) inapitisha kimiminika kwenye sindano yenye volti elfu kadhaa, kinatoka kama ukungu, matone yanakauka mpaka zinabaki ioni. Leza (MALDI) inataka uchanganye sampuli na matriksi, yaani asidi inayofyonza mwanga, ukaushe, halafu uipige, matriksi inalipuka na kuibeba peptidi. Fenn wa elektrosprei na Tanaka wa leza walipata Nobeli ya 2002 kwa kazi hizi, ingawa mi naona kwa ile matriksi tunayotumia kila siku wanaostahili shukrani zaidi ni Karas na Hillenkamp, maana Tanaka alitumia unga wa kobalti kwenye gliserini.

Hatua ya 1: andaa sampuli

Angiotensini II ya miligramu 1 kwa mililita ni karibu milimola 1, hesabu rahisi. Chukua mikrolita 1 weka kwenye mililita 1, umepata kama mikromola 1, na kafeini fanya ifike hapo hapo. Kiyeyusho ni nusu maji nusu asetonitrili na asidi ya fomiki asilimia 0.1. Usitumie bafa ya fosfeti kabisa, na kama sampuli ilikuja nayo tayari isafishe kwa ncha ya pipeti yenye C18, yaani unga unaoshika vitu visivyopenda maji, ila hapa kuwa makini: peptidi inashika vizuri, kafeini inashika kwa ulegevu na inaweza kuondoka na maji ya kuoshea. Hayo maji usiyamwage, yaweke pembeni kwanza.

Hatua ya 2: elektrosprei

Jaza sirinji, weka mwendo wa mikrolita 3 mpaka 5 kwa dakika, voltiji kwenye kilovolti 3 hadi 4 hivi, modi chanya. Kama mashine yako inaruhusu kuchungulia, mulika tochi kwenye ncha ya sindano. Unataka ukungu mwembamba uliotulia. Ukiona tone linaning'inia linakua halafu linadondoka, sprei haijashika, na kwenye skrini signali itakuwa inaruka ruka juu chini, hapo pandisha voltiji kidogo kidogo au punguza mwendo, sio kuanza kubadilisha sampuli.

Sasa angalia spektra. Kafeini inakaa 195.09 imetulia zake, [M+H]+ safi, yaani molekuli moja na protoni moja. Ya angiotensini ndo inawachanganya wengi, masi yake ni 1045.53 lakini piki kubwa kwa kawaida utaikuta 523.77, mtu anasema peptidi yangu imekatika katikati! Haijakatika, imebeba protoni 2, na mashine inasoma masi ikigawiwa kwa chaji. Utajuaje? Zoom kwenye hiyo piki, utaona majirani zake wako 524.28 na 524.78, yaani wamepishana 0.5 badala ya 1. Hao ni isotopu, na ukigawa 1 kwa 0.5 unapata chaji, 2. Halafu hesabu:

```
(523.77 - 1.007) x 2 = 1045.53
```

Ukiona na 349.52 usishtuke, ni hiyo hiyo ikiwa na protoni 3.

Kuhusu kafeini, namba ya masi peke yake haitoshi kuapa kwamba ndo yenyewe. Ikamate hiyo 195 uivunje, ikikupa 138.07 umepata alama yake, imepoteza kipande cha 57.

Hatua ya 3: leza

Matriksi ya peptidi ndogo ni CHCA, miligramu 10 kwa mililita kwenye nusu asetonitrili nusu maji yenye asidi ya trifluoroasetiki, yaani TFA, asilimia 0.1. TFA hiyo iishie hapa hapa kwenye bamba, ukiipeleka kwenye elektrosprei inaua signali. Changanya na sampuli kwa ujazo sawa, dondosha mikrolita 1 kwenye bamba, acha ikauke yenyewe. Na pembeni yake, tafadhali sana, dondosha doa la matriksi tupu bila sampuli. Hilo doa ndo litakuokoa baadaye.

Doa likikauka liangalie, fuwele ziwe ndogo na zimesambaa. Likijikusanya pembeni kama pete, utapiga katikati hupati kitu, unasogea kidogo inafurika. Anza na nguvu ya leza ya chini, panda taratibu mpaka signali itokee, ongeza kidogo sana tu halafu simama hapo. Wengi wanakaza leza wakidhani watapata zaidi, kumbe piki zinanenepa na peptidi inaanza kuvunjika.

Angiotensini hapa inakuja kistaarabu, 1046.54, chaji 1 tu, isotopu zimepishana 1. Ukiona na 1068.52 hiyo ni sodiamu imejishika badala ya protoni, chumvi bado ipo, lakini spektra inasomeka. Chumvi kiasi hicho hicho kwenye elektrosprei ningekuwa nalia.

Haya, kafeini iko wapi? Kama metodi yako ni ya peptidi, huenda imezima kila kitu chini ya 500 ili matriksi isilemee kipokezi, kwa hiyo hata ikiwepo hutaiona. Ukiwasha huko chini unakutana na msitu: 172.04 ni CHCA iliyopoteza maji, 190.05 ni CHCA yenyewe, 212.03 ni CHCA na sodiamu, na 195.09 yako imebanwa katikati ya hao vibonge. Mwaka wangu wa kwanza nilikaa siku 2 nashangilia piki ya 379.09 nikidhani nimepata molekuli mpya kwenye dondoo la mmea, fundi wa maabara akaniambia "mdogo wangu, piga doa tupu kwanza". Nikapiga, ikatokea kubwa kuliko ya kwangu. CHCA mbili zimeshikana na protoni moja, basi.

Zipo matriksi zingine zenye kelele kidogo huko chini, kwa mfano 9-aminoakridini kwenye modi hasi kwa vitu vyenye asidi, ila kafeini sio asidi kwa hiyo haikusaidii. Kwa molekuli ndogo chini ya 500 mi naenda elektrosprei moja kwa moja. Na ukitaka kujua *kiasi gani* kipo, pia elektrosprei, iunganishe na kromatografia na uweke kafeini yenye isotopu nzito kama kiwango cha ndani cha kulinganishia, maana kwenye bamba pigo hili na pigo lile la doa moja yanakupa urefu tofauti kabisa wa piki.

MALDI naikimbilia nikiwa na peptidi nyingi za kuangalia haraka, mfano visehemu 50 vilivyotoka kwenye kolamu na nataka tu kujua kipi kina 1046. Unadondosha vyote bamba moja, unapiga, na lile bamba ukilihifadhi pakavu gizani unaweza kulirudia kesho yake ukagundua ulisahau doa namba 31. Kwenye sirinji kilichopita kimepita.