Maelezo ya mafuta ya nywele: taja kila kilichomo

Ukiuza mafuta ya nywele unayochanganya mwenyewe, usiandike "mafuta asilia" ukaishia hapo. Mwenye mzio wa lozi atajuaje kama chupa hiyo inamfaa? Taja kila kilichomo, ukianza na kilicho kingi. Mafuta ya harufu nayo yaingie, maana matone machache tu yanaweza kumwasha mtu.

Kwa mfano: "Mafuta ya nazi, nyonyo, lozi na mnanaa. YANA LOZI. Yanafaa nywele nene na kavu za kipilipili. Nywele nyembamba huzilemea. Bechi 03, yametengenezwa 12/05/2025. Yakianza kunuka kama mafuta ya kukaangia yaliyokaa, usiyatumie."

Namba ya bechi usiione ndogo. Mteja akilalamika, utajua chupa zipi zilitoka kwenye mchanganyiko ule ule, uwaarifu wote walionunua.

Kisha andika jinsi ya kujaribu, maana "jaribu kwanza" peke yake haimsaidii mtu: "Paka tone moja upande wa ndani wa kiwiko, usipaoshe kwa saa 24, kisha paangalie tena baada ya saa 48. Ukiona wekundu, vipele au muwasho, osha kwa sabuni na usiyatumie." Saa 48 zina sababu: mzio wa ngozi mara nyingi huchelewa kujitokeza, na asubuhi ya kwanza mkono unaweza kuonekana salama kabisa. Ongeza pia kwamba anayejua ana mzio wa lozi asijaribu hata hilo tone.