Kabla ya kutia sahihi mkataba wa jahazi: jina moja, sura moja

Niliwahi kuletewa mkataba wa kukodi jahazi la kubeba mawe na mchanga kutoka Manda hadi Lamu mjini. Kifungu cha 1 kilisema jahazi ni pamoja na mlingoti, tanga, nanga na mashine. Kifungu cha 6 kikasema nahodha atarudisha "chombo" kikiwa salama. Mashine iliungua. Mwenye jahazi akadai alipwe, nahodha akajibu kuwa chombo ni mbao na tanga, nacho amekirudisha. Ugomvi wote ule ulitoka kwenye neno moja.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika chochote, chagua jina na mahali litakapofafanuliwa. Pale linapozaliwa, liandike hivi:

Jahazi la tanga moja, pamoja na mlingoti, tanga, nanga na mashine yake ("**Jahazi**").

Mabano yako nje, alama za kunukuu ndani, na herufi nzito ni za jina peke yake. Herufi nzito humsaidia msomaji aliye kifungu cha 9 kurudi nyuma na kuona mara moja maana ilipowekwa. Ukishafafanua, acha vyote hivyo. Kuanzia hapo ni Jahazi tu, kwa herufi kubwa mwanzoni. Likitokea tena ndani ya mabano na herufi nzito, msomaji atadhani limepewa maana ya pili. Na kama nahodha umemwandika ("**Nahodha**"), mwenzake asiwe (*Mwenye Jahazi*) kwa mlazo bila alama. Mmoja atauliza kama hilo nalo ni jina rasmi au maelezo tu.

Jina lenyewe lipime mapema. "Mkodishaji" mimi silitumii kabisa, kwa sababu wengine humwita hivyo anayetoa jahazi na wengine anayelichukua.

Sasa ukaguzi, na hapa lugha yetu ina mtego wake. Wingi wetu hubadilika mwanzoni mwa neno. Ukitafuta kwa Ctrl+F neno Mwenye, hutaona Wenye. Ukitafuta Chombo, Vyombo vitakupita. Tafuta umoja, kisha wingi. Kama wingi utatumika, uandike palepale kwenye ufafanuzi: ("**Mzigo**", na kwa wingi "**Mizigo**"). Jahazini litaonekana, ila amua kama litabaki na herufi kubwa. Mimi huliandika "ndani ya Jahazi" ili jina lisiguswe.

Mwisho tafuta maneno ambayo hukuyafafanua lakini mkono umezoea kuyaandika: chombo, mashua, dau. Usiyabadilishe yote kwa mpigo, maana "vyombo vingine vya bandarini" si Jahazi lenu. Pitia kimoja kimoja, na mtu wa pili asome nakala iliyochapwa, kalamu mkononi, akizungushia duara kila Jahazi lililoandikwa kwa herufi ndogo.