Wadudu wamekula asilimia ngapi? Kupima hasara ya mahindi kutoka shambani hadi gunia la kuuza

Mkulima wa Kakamega au Bungoma ukimuuliza viwavijeshi wamemtia hasara gani, mara nyingi atakupa jibu moja kati ya mawili. La kwanza: "Nusu ya shamba imeliwa." La pili: "Pakiti ya mbegu ilisema magunia 25, nimepata 18, kwa hiyo wadudu wamekula 7." Majibu yote mawili yana kasoro. Hindi lenye majani matobo bado linaweza kubeba gunzi. Nayo pakiti ya mbegu haijui mbolea uliyoweka, wala mvua iliyokatika wakati wa kuchanua.

Njia ninayotumia ni kulinganisha mimea iliyoshambuliwa na mimea mizima ya shamba hilohilo. Udongo ni mmoja, mbegu ni moja, mvua ni moja, kwa hiyo tofauti inayobaki ni ya wadudu. Nitaeleza kwa shamba la ekari moja la mama mmoja wa Malava, aliyepanda mwezi wa tatu kwa nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari na 25 kati ya mashimo.

Hatua ya 1: Weka alama mapema

Kazi hii huwezi kuianza siku ya kuvuna. Wakati huo majani yamekauka na huwezi tena kujua mmea upi ulishambuliwa. Ingia shambani mahindi yakiwa na wiki sita hivi, kisha rudi tena mahindi yakianza kutoa ndevu.

Chagua sehemu tano, moja karibu na kila pembe na moja katikati, ila uingie ndani hatua kadhaa kutoka ukingoni. Kwenye kila sehemu pima urefu wa mita 13.3 kwenye mstari mmoja. Kwa kuwa mistari iko sentimita 75 mbalimbali, urefu huo ni sawa na mita 10 za mraba. Sehemu tano ni mita 50 za mraba, na ekari ina takriban 4,047, kwa hiyo kila utakachokipima utakizidisha kwa 81.

Funga uzi mwekundu kwenye kila mmea ulioshambuliwa. Kiwavijeshi vamizi, huyu aliyethibitishwa Kenya mwaka 2017, huacha kinyesi kama unga wa mbao uliolowa ndani ya moyo wa mmea. Ukimpata mwenyewe, ana alama ya Y iliyopinduliwa usoni, na karibu na mkia ana madoa manne yaliyopangika mraba. Kiwavi mtoboa shina huonyesha dalili nyingine: vitobo vidogo vilivyojipanga kwenye jani, kisha jani la kati hukauka na kung'oka ukilivuta. Kwa hesabu hii wote wawili wanapata uzi.

Usifunge uzi kwenye mmea ulionyauka na kufubaa kwa sababu ya gugu la kayongo, wala ulioanza kukauka kutoka ukingo wa jani kwa ugonjwa. Mimea hiyo iondoe kwenye hesabu kabisa. Ukiichanganya, utawasingizia wadudu hasara ambayo dawa ya wadudu haiwezi kuizuia.

Mashimo matupu je? Malava kila sehemu ilistahili kuwa na mimea 53 hivi, tukapata wastani wa 45. Mingine huenda ilikatwa na viwavi sota, mingine ikafukuliwa na ndege, mingine haikuota. Mmea uliokatwa shinani na kulala chini wiki ya pili unaweza kuuandikia wadudu ukiuona siku hiyo. Ukija baadaye na kukuta shimo tupu, usikisie.

Hatua ya 2: Vuna makundi mawili, kausha, pima

Siku ya kuvuna, magunzi ya mimea yenye uzi yaende gunia lake na ya mimea mizima yaende lake. Mmea wenye uzi usiobeba gunzi bado unahesabiwa: uzito wake ni sifuri, na sifuri hiyo ndiyo hasara yenyewe. Hapa ndipo watu wengi hukosea, kwa kuwa hupima magunzi yaliyopo na kusahau yasiyokuwepo.

Kausha, pukuchua, pima kwa mizani. Gorogoro sokoni ni sawa, lakini kwa kazi hii haifai: mkono mmoja huijaza hadi mdomoni, mwingine huipandisha kichuguu. Unyevu nao uwe mmoja kwa makundi yote. Kama huna kipima unyevu, weka konzi ya punje na chumvi kavu ndani ya chupa kavu, tikisa kwa dakika moja. Chumvi ikishika kwenye kuta za chupa, mahindi bado ni mabichi. Ukipima yakiwa mabichi, maji yatajaza pengo lililoachwa na wadudu: kilo 1,000 zenye unyevu wa asilimia 20 zikikaushwa hadi 13.5 hubaki kama kilo 925.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya shambani

Sehemu tano za Malava zilikuwa na mimea 225. Mizima ilikuwa 135, ikatoa kilo 13.5, yaani gramu 100 kwa mmea. Iliyofungwa uzi ilikuwa 90, ikatoa kilo 6.3, yaani gramu 70 kwa mmea.

```
mavuno tarajiwa = 225 x 100 g = 22.5 kg
mavuno halisi   = 13.5 + 6.3  = 19.8 kg
hasara          = 2.7 / 22.5 x 100 = 12%
```

Mimea iliyoshambuliwa ilikuwa asilimia 40, lakini kila mmoja ulipoteza asilimia 30 tu ya uzito wake. Asilimia 30 ya 40 ni 12. Hiyo ndiyo hasara, si 40. Utafiti uliofanywa mashariki mwa Zimbabwe na kuchapishwa mwaka 2019 nao ulikuta hasara ya karibu asilimia 12, ingawa mimea yenye dalili ilikuwa zaidi sana ya asilimia 12.

Zidisha kwa 81 upate ekari. Yaliyotarajiwa ni kilo 1,822, au magunia 20 na robo ya kilo 90. Yaliyopatikana ni kilo 1,604, karibu magunia 17.8. Wadudu wamechukua kilo 218, magunia mawili na nusu kasoro kidogo. Thamani ya magunia hayo ndiyo ukomo wa pesa ambayo ingekuwa na maana kuitumia kwa dawa na kibarua cha kunyunyizia.

Njia hii ina mipaka miwili. Kama mimea yenye uzi imerundikana sehemu moja yenye udongo duni, unapima udongo pia. Utaligundua ukitazama mimea mizima iliyo katikati ya iliyoshambuliwa: ikiwa nayo ni dhaifu, linganisha majirani kwa majirani, si shamba zima. Na kama shamba lote limeshambuliwa, huna cha kulinganishia. Msimu unaofuata linda mistari michache tangu wiki ya pili, hata kwa kuokota viwavi kwa mkono, na hiyo iwe kipimo chako.

Hatua ya 4: Toa chakula cha nyumbani kwanza

Mama huyu alihitaji magunia 5 ya kula hadi msimu mfupi, yaani kilo 450. Bila wadudu angebaki na kilo 1,372 za kuuza. Sasa alibaki na 1,154. Kilo zilizopotea ni zilezile 218, lakini kwa upande wa mauzo ni asilimia 16, kwa sababu watoto hawapunguzi ugali eti kiwavi amepita. Kadiri shamba lilivyo dogo na familia ilivyo kubwa, ndivyo asilimia ndogo ya shambani inavyogeuka kubwa sokoni.

Hatua ya 5: Pima tena ghalani

Chakula aliweka kwenye magunia yasiyopitisha hewa. Ya kuuza aliyaacha kwenye magunia ya kawaida kwa miezi minne akingoja bei. Fukusi wakaingia.

Ghalani tunatumia kanuni ileile. Chota punje kutoka juu, katikati na chini ya gunia kadhaa, changanya, hesabu 400. Zilizotobolewa zilikuwa 60 na uzito wake gramu 15.6. Nzima zilikuwa 340, gramu 119, yaani gramu 0.35 kila punje.

```
tarajiwa = 400 x 0.35    = 140 g
halisi   = 119 + 15.6    = 134.6 g
hasara   = 5.4 / 140 x 100 = 3.9%
```

Kilo 1,154 zikawa 1,109. Asilimia hii inatozwa kwenye kilichobaki, si kwenye mavuno tarajiwa, kwa hiyo usiijumlishe na ile 12 ya shambani.

Ukiona unga mwingi chini ya gunia, huenda mdudu si fukusi bali Osama, yule dumuzi aliyeingia nchini kupitia Taveta mwaka 1983. Yeye huigeuza punje kuwa vumbi, na punje isiyokuwepo huwezi kuihesabu. Hapo hesabu ya punje itakupa hasara ndogo kuliko ya kweli. Chekecha, pima gunia lenyewe, ulinganishe na uzito ulioandika siku ya kuhifadhi.

Hatua ya 6: Kilichobaki cha kuuza

Uzito umepungua kwa asilimia 3.9 tu, lakini punje zilizotobolewa ni 60 kati ya 400, yaani asilimia 15 kwa idadi. Kiwango cha mahindi cha Afrika Mashariki kinaruhusu punje zilizoharibiwa na wadudu asilimia 1 kwa daraja la kwanza, 3 kwa la pili na 5 kwa la tatu. Mzigo huu hauingii daraja lolote. Mnunuzi makini ataurudisha, na dalali ataupokea kwa bei anayoitaka yeye.

Kuupeleka sokoni kama mahindi safi, lazima uchambuliwe. Punje zilizotobolewa ni asilimia 11.6 ya uzito, kama kilo 129. Zikiwa kavu na hazina ukungu zinaweza kuuzwa kwa chakula cha kuku. Zikiwa na ukungu zisiende kwa mtu wala mnyama. Zinabaki kilo 980 safi, karibu magunia 10.9, kutoka 12.8 aliyokuwa nayo siku ya kuhifadhi.

Gawanya kilo 1,154 kwa 980 upate karibu 1.18. Maana yake bei ilipaswa kupanda kwa asilimia 18 hivi ili tu arudishe kile ambacho angepata kwa kuuza palepale baada ya kukausha, ukiacha kilo chache za kuku na gharama ya wachambuaji. Gunia likiwa shilingi 3,000 wakati wa mavuno, chini ya 3,540 kungoja kwake ni hasara. Kabla ya kuamua kuhifadhi msimu ujao, fanya mgawanyo huo kwa takwimu zako mwenyewe, kisha uweke bei ya magunia yasiyopitisha hewa kando yake.